Broka kaniandikia mkataba "umeisha", asubuhi naamka na hisa 100 nisizozitaka!

Mwenye uzi (Nairobi): Nina hasira jamani. Niliuza puti 1 ya hisa ya Marekani, yaani opsheni inayompa mnunuzi haki ya kuniuzia hisa 100 kwa bei ya mkataba, dola 50, nikapokea dola 40. Ijumaa ya mwisho soko la New York lilifunga saa 10 jioni, huku kwetu saa 5 usiku, hisa ikiwa 50.35. Kwenye simu mkataba ukageuka rangi ya kijivu, pembeni pameandikwa umeisha bila thamani. Nikalala. Dakika 20 baada ya soko kufunga, kampuni ikatangaza kwamba mapato yatapungua, hisa ikashuka hadi 46. Jumamosi napata ujumbe: umenunua hisa 100 kwa dola 5,000. Jumatatu imefungua 44.80. Dola 480 zimekwenda! Kwa nini waniambie umeisha kama haujaisha?

Bahari_Tulivu: Pole ndugu. Hilo ni kosa la kompyuta. OCC, shirika linalosimamia ukamilishaji wa opsheni Marekani, hutekeleza mikataba kwa bei ya kufunga, na 50.35 iko juu ya 50. Dai, watakurudishia.

Mzee wa Puti: Hapana, usimpe matumaini. Bei ya kufunga huamua tu mikataba ambayo mwenyewe hakusema lolote. Aliyenunua puti ana hadi saa 11:30 jioni ya New York, kwetu saa 6:30 usiku, kumwagiza broka wake atekeleze au asitekeleze. Mabroka wengi hufunga mapema zaidi. Huyo aliona 46 na bado alikuwa na haki ya kukuuzia kwa 50. Kwa nini aiache? Wewe uliyeuza huna la kuchagua, unasubiri kura ikuangukie.

Kijana_FX: Kwani hukuweka stopu losi?

Mwenye uzi: Ya nini, na opsheni zenyewe zilishaacha kuuzwa?

Mama Zawadi: Mimi nilikuwa na kinga kabisa, puti ya 45 chini ya ile ya 50 niliyouza. Hisa ilifunga 51, usiku ikaanguka hadi 43. Ya 50 nikabebeshwa, ya 45 ikafa kwa sababu sikutoa agizo, nilikuwa nimelala. Naweza kuidai?

Mzee wa Puti: Imekufa, mama. Ilihitaji agizo lako kabla ya broka kufunga dirisha. Na wewe mwenye uzi, dakika 5 kabla ya soko kufunga puti yako ilikuwa inauzwa shilingi ngapi?

Mwenye uzi: Senti 6. Dola 6 kwa mkataba mzima. Naumia nikifikiria. Lakini ningeliona neno "unaweza kutekelezwa hadi saa 6:30", ningezilipa bila kusita. Je, ningeuza hisa 100 usiku ule ule kwa 46?

Mzee wa Puti: Kama broka anakubali. Ila usipokabidhiwa, Jumatatu unadaiwa hisa 100 ambazo huna. Mimi sijawahi kuthubutu.

Bahari_Tulivu: Mimi bado nasema dai. Maandishi ya kwenye skrini ni yao, si yako.

Mwenye uzi: Nimewaandikia leo na picha ya skrini nimeiambatisha. Kuna aliyewahi kulipwa kwa hili?