Msaada: tiketi zote zina nusu ya kwanza ya saini inayofanana. Ufunguo wa siri bado uko salama?

Mpakato_Moro

Habari za jioni wakuu. Nimekabidhiwa mfumo wa tiketi za mabasi ya mikoani ulioandikwa na mkandarasi ambaye ameshaondoka. Abiria akilipa, seva inakusanya maelezo ya tiketi (namba, safari, kiti, tarehe), inayatia saini ya kidijitali kwa ECDSA aina ya P-256, kisha vyote viwili vinawekwa kwenye QR. Konda anaskani kwa simu yake. Programu ya konda ina ufunguo wa umma ndani yake, kwa hiyo inahakiki tiketi hata pale ambapo mtandao haushiki.

Saini ni baiti 64, yaani herufi 128 za heksa. Nilipoziweka tiketi kadhaa pamoja nikaona herufi 64 za mwanzo ni zilezile kwenye zote, tiketi za mwaka jana na za leo asubuhi. Herufi 64 za mwisho ndizo zinazobadilika. Bosi anasema ni kawaida kwa kuwa ufunguo ni mmoja, na ufunguo wa siri haujawahi kutoka kwenye seva. Mimi sijatulia, ila sina maneno ya kumweleza. Naombeni ushauri.

Kidatu77

Mkuu hiyo ni abiria kupiga picha QR na kumrushia mwenzake. Kwetu getini ilitusumbua sana mpaka tukaweka utaratibu wa kufuta tiketi ikishaskaniwa mara moja. Fanyeni hivyo, mtapumua.

Mpakato_Moro

Asante mkuu, hilo la nakala tunalo tayari. Hizi ni tiketi tofauti kabisa, za abiria tofauti na safari tofauti. Kinachofanana ni nusu ya saini tu.

Bi_Hesabu

Mpakato, una haki ya kutotulia. Kama ulivyoeleza ndivyo ilivyo, mtu yeyote mwenye tiketi zenu mbili mkononi anaweza kuupata ufunguo wenu wa siri leo hii bila kuigusa seva.

Kwanza tuondoe shaka moja. Kuna saini zinazofungwa kwa muundo wa DER, na hizo huanza na `3044`, `3045` au `3046` karibu kila mara. Mfanano huo mfupi hauna madhara. Ya kwenu ni baiti 64 kamili, kwa hiyo nusu ya kwanza ni namba inayoitwa r na nusu ya pili ni s.

Kila inapotia saini, programu huchagua namba ya siri, k, isiyotabirika, ya kutumika mara hiyo moja tu. r inatokana na k peke yake. Ufunguo wa siri haumo kabisa ndani ya r, na hapo ndipo bosi wako anapokosea: ufunguo mmoja ukitia saini tiketi elfu moja, unatakiwa utoe r elfu moja tofauti. r ikijirudia, k imejirudia.

Sasa s inapatikana kwa mlinganyo huu, ambao kila hesabu yake inabakisha baki baada ya kugawanya kwa namba n inayojulikana na wote:

```
k * s = h + r * d
```

h ni heshi ya maelezo ya tiketi, na aliye na tiketi anaikokotoa mwenyewe. r na s ziko kwenye QR. Visivyojulikana ni viwili tu: k, na d ambayo ndiyo ufunguo wa siri. Mlinganyo mmoja wenye visivyojulikana viwili haufumbuliki. Ukileta tiketi ya pili yenye k yake mpya, umeongeza mlinganyo mmoja na kisichojulikana kimoja, kwa hiyo mshambuliaji anabaki nyuma vilevile hata akikusanya tiketi za mwaka mzima. Lakini k ikiwa ileile, tiketi ya pili inaleta mlinganyo bila kuleta kitu kipya cha kutafutwa. Milinganyo miwili, visivyojulikana viwili: hesabu ya sekondari.

Nifanye kwa namba ndogo ili uweze kumwonyesha bosi kwa kalamu. Tuseme n ni 101 na r ni 86. Tiketi ya kwanza ina h = 20 na s = 98, ya pili ina h = 64 na s = 62.

```
k * 98 = 20 + 86 * d
k * 62 = 64 + 86 * d
```

Toa wa pili kutoka wa kwanza. Kipande cha 86 * d kiko kwenye milinganyo yote miwili, kinafutika, na ufunguo wa siri unaondoka kwenye hesabu kwa muda. Inabaki k * 36 = -44, na kwa kuwa tunahesabu mabaki ya 101, -44 ni sawa na 57. k inayotoshea ni 10, maana 360 ukigawanya kwa 101 inabaki 57. Rudisha 10 kwenye mlinganyo wa kwanza: 980 inabakisha 71, kwa hiyo 86 * d lazima ibakishe 51. d ni 37. Huo ndio ufunguo.

Kwenye P-256 namba zina biti 256, lakini hatua ni hizihizi na kompyuta inazimaliza papo hapo:

```python
n, r = 101, 86
h1, s1 = 20, 98
h2, s2 = 64, 62
k = (h1 - h2) * pow(s1 - s2, -1, n) % n
d = (s1 * k - h1) * pow(r, -1, n) % n
print(k, d)   # 10 37
```

Ukijaribu kwa tiketi zenu halisi na jibu lisikubaliane na ufunguo wa umma, usifurahi mapema. k na n - k hutoa r ileile, kwa hiyo jaribu pia kwa kuweka n - s2 mahali pa s2.

Mpakato_Moro

Nimejaribu na nimepata ufunguo wetu mzima, herufi kwa herufi. Kisha nikatafuta chanzo kwenye msimbo, nikakuta hii:

```python
saini = sk.sign(tiketi, hashfunc=sha256, k=K_JARIBIO)
```

Inaelekea aliiweka ili majaribio yatoe jibu lilelile kila mara, halafu ikapelekwa hivyohivyo kwenye seva ya kazi.

Kitaru

Wakuu mbona suluhisho ni jepesi. Kinachotakiwa ni namba isijirudie. Wekeni kaunta, tiketi ya kwanza 1, ya pili 2, na kuendelea. Mimi kwenye AES-GCM natumia kaunta na haina neno.

Bi_Hesabu

Kitaru, kwenye AES-GCM uko sahihi, mradi kaunta isianze upya seva ikizimika na kuwaka. Kule namba hiyo inasafiri wazi pamoja na ujumbe, haihitaji kuwa siri. Ikijirudia, jumbe mbili zinafichwa kwa mfululizo uleule wa biti, na anayezilinganisha anaanza kusoma yaliyomo. Pia anaweza kuupata ufunguo mdogo wa ndani unaohakiki ujumbe na kughushi jumbe zake, ingawa ufunguo wenyewe wa AES hautoki.

Kwenye ECDSA namba k ni siri sawa na ufunguo. Ukianza na 1, hata tiketi moja inatosha: anaweka k = 1 kwenye mlinganyo na d inatoka yenyewe. Ukianza pasipojulikana, tiketi mbili zinazofuatana zina k na k + 1, na bado visivyojulikana ni viwili. Kutojirudia peke yake hakutoshi hapa, lazima isitabirike pia.

Ndege_ya_Usiku

Naongeza ya kwangu kwa sababu inaonyesha hatari inaendelea hata bila kujirudia. Aprili 2024 lilitoka onyo kuhusu PuTTY, matoleo ya 0.68 hadi 0.80. Kwa funguo za aina ya `ecdsa-sha2-nistp521`, k ilitengenezwa kutoka kwenye SHA-512, inayotoa biti 512, wakati zinahitajika 521. Kwa hiyo biti 9 za juu zilikuwa sifuri kila mara. Hakuna k iliyojirudia, lakini saini takriban 60 zilitosha kuutoa ufunguo. Nilikuwa na ufunguo wa aina hiyo kwenye seva za kazini, nikaufuta kila mahali ulipokuwa umeruhusiwa.

Na kosa kama la kwenu lenyewe liliwapata Sony kwenye PlayStation 3. Desemba 2010 kundi la fail0verflow lilionyesha mkutanoni Berlin kwamba saini za programu zao zilitumia k isiyobadilika.

Mpakato_Moro

Basi nikiondoa `k=K_JARIBIO` nitakuwa nimemaliza?

Bi_Hesabu

Hapana. Tiketi za zamani ziko kwenye simu za watu, na ufunguo ule umeshatolewa hadharani hata kama hakuna aliyeuchukua. Tengeneza ufunguo mpya kabisa. Kisha tia saini hivi:

```python
saini = sk.sign_deterministic(tiketi, hashfunc=sha256)
```

Hii inafuata RFC 6979: k inakokotolewa kutoka kwenye ufunguo wa siri na heshi ya tiketi. Tiketi tofauti inapata k tofauti, na huhitaji kutegemea ubora wa nasibu ya mashine. Tena majaribio yako yatatoa jibu lilelile kila mara, jambo ambalo mkandarasi alikuwa analitafuta.

Ndege_ya_Usiku

Hapo nakubali nusu. Njia hiyo ina udhaifu kwenye vifaa ambavyo mtu anaweza kuvishika. Akivivuruga umeme viitie saini tiketi ileile mara mbili, moja sahihi na moja yenye hitilafu ya hesabu, k ni ileile na ufunguo unatoka. Mimi ningeweka `extra_entropy` yenye baiti mpya za nasibu, ili k itokane na vyote viwili.

Bi_Hesabu

Kwa seva iliyofungiwa chumbani naona hatari hiyo ni ndogo, na majaribio yanayorudia jibu yana thamani yake. Kwa mashine ya kuuzia tiketi stendi, ningefuata yako.

Mpakato_Moro

Tuna mashine nne stendi, ila saini inatoka seva. Kinachonikwamisha sasa ni programu za makonda. Ufunguo wa umma wa zamani umo ndani yake, na simu nyingine hukaa siku kadhaa bila kusasishwa. Nikiukataa ufunguo wa zamani leo, abiria waliolipia safari za wiki ijayo watazuiwa mlangoni. Nikiuacha ukubaliwe, mtu anaweza kughushi.

Kidatu77

Sasa nimekuelewa. Orodha ya tiketi zilizouzwa kwa ufunguo wa zamani si mnayo? Ipakieni kwenye simu pamoja na programu mpya. Tiketi ya ufunguo wa zamani isiyokuwemo kwenye orodha inakataliwa, hata saini yake ikisoma sawa.

Bi_Hesabu

Hilo ni zuri, na orodha ilinganishe maelezo yote ya tiketi, si namba pekee. Namba ya tiketi halali inaweza kunakiliwa kwenye tiketi ya kughushi yenye safari nyingine.

Mpakato_Moro

Orodha ipo na haizidi ukubwa wa picha moja ya simu. Nitaianza usiku huu. Simu zisizosasishwa ndizo bado sijapata jibu lake, kuna aliyewahi kulazimisha sasisho kwa watu walioko njiani bila mtandao?