Tupeane uzoefu: ulimwongozaje mtu asiyejua kompyuta, mkiwa mbali, gemu yake ikikataa kufunguka?

Jirani wa Section 58 (Nakuru)

Hamjambo nyote. Natafuta visa vyenu, lakini si vya "nilipita kwake nikaiweka sawa". Nataka vile ambavyo yeye yuko huko, wewe uko huku, mnaandikiana kwenye simu, na mwenzako hajui faili ni nini. Mlijuaje sababu?

Nianze na changu. Rafiki yangu ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Mumias. Amenunua laptopu ya mtumba, kijana wake anataka Minecraft, ile ya Java. Ameniruhusu niweke mazungumzo yetu hapa, nimepunguza salamu tu.

Mimi: Mama Brayo, "haifunguki" peke yake hainisaidii. Bonyeza PLAY, kisha uniambie unachoona, kimoja baada ya kingine.

Yeye: Kalaini ka kijani kanajaa. Kanapotea. Halafu kasanduku keupe kenye Kizungu. Nikabonyeza OK kakaenda.

Mimi: Safari hii usiguse OK. Kaache hapo, ukapige picha na simu.

Picha ikaja imepinda lakini inasomeka:

```
GLFW error 65542: WGL: The driver does not appear to support OpenGL
```

Hapo nikaacha kuwaza kuhusu gemu yenyewe. OpenGL ndiyo njia ambayo Minecraft hutumia kuiambia chipu ya picha ichore nini, na ujumbe unasema draiva iliyopo haiijui njia hiyo. Kufuta gemu na kuiweka upya kungemla bando bure. Swali likawa: ana draiva gani?

Mimi: Chini kushoto kwa kibodi kuna kitufe chenye alama ya dirisha. Kishike, na ukiwa bado umekishika, gusa herufi R.

Yeye: Imeandika r tu.

Mimi: Umeachilia mapema. Shika kile cha dirisha kama mtoto anataka kukunyang'anya.

Yeye: Haya, kametokea kasanduku, "Run".

Mimi: Andika hivi, herufi zote pamoja, kisha Enter:

```
dxdiag
```

Yeye: Imesema Windows cannot find 'dx'.

Mimi: Umeacha nafasi katikati. Rudia.

Yeye: Sasa inaniuliza Yes ama No.

Mimi: Yes, haina madhara. Ikifunguka, juu kuna vichupo. Bonyeza Display, unisomee palipoandikwa Name.

Yeye: Microsoft Basic Display Adapter. Ni mbaya?

Mimi: Ni jibu. Hebu jaribu kupunguza mwangaza wa skrini.

Yeye: Huo haujawahi kupungua tangu niinunue. Macho yananiuma usiku, nikadhani ndivyo zilivyo.

Jina hilo ni la draiva ya dharura ya Windows. Inatosha kuonyesha maandishi na hata video, lakini kwa gemu kama hii haifai kitu, na mara nyingi mwangaza hukwama juu vilevile. Aliyemuuzia aliweka Windows upya na hakumalizia na draiva ya picha. Nikamwambia arudi kwenye kichupo cha System, anisomee mstari wa Processor. Ilikuwa i5-4300U. Tarakimu nne zinazoanza na 4 kwa Intel ni kizazi cha nne, na chipu ya picha iliyo ndani yake inaiweza Minecraft.

Lakini Windows 10 kwa kawaida hujitafutia draiva yenyewe ikipata intaneti. Kwa nini hii haikufanya hivyo kwa muda wote huo?

Mimi: Intaneti unatoa wapi?

Yeye: Kwa simu yangu. Kijana wa saiba alinionyesha namna ya kuifanya isinimalizie bando.

Basi. Alikuwa amewasha "Set as metered connection". Ukiwasha hiyo, Windows huahirisha kupakua vitu vingi, draiva zikiwemo. Tukaenda Settings, Network & Internet, Wi-Fi, akabonyeza jina la simu yake, akaizima. Kisha Update & Security, Windows Update, "Check for updates". Draiva ikajitokeza chini ya "View optional updates", upande wa Driver updates. Nilimwonya mapema kwamba skrini itazima kidogo na kurudi, asiichomoe. Akawasha kompyuta upya, dxdiag ikasoma Intel(R) HD Graphics 4400, na Brayo akaanza kuchimba mashimo.

Baadaye nilimkumbusha airudishe ile metered, la sivyo Windows ingemla bando lote.

Fundi wa Kondele

Omera, ungeuliza RAM kwanza. Hizi laptopu za mtumba nyingi zinakuja na 4GB, na Minecraft ni ya Java, inakula. Mimi wateja wangu nawaambia waongeze hadi 8 ndipo tuongee. Nusu ya zinazokataa kufunguka ni RAM.

Jirani wa Section 58 (Nakuru)

Fundi, 8 ni bora, sibishi. Lakini RAM ikiwa ndogo gemu huanza kupakia halafu inaburura, au inazimika ukiwa ndani. Kisanduku kinachotaja driver hakiondoki kwa kuongeza RAM, na mwalimu angenunua kitu ambacho hakingemfungulia gemu.

Fundi wa Kondele

Sawa kwa hiyo. Ila mimi nimeona inayokataa kabisa kwa RAM, haifiki popote. Ilikuwa imeandika "Could not reserve enough space for object heap".

Nyar Kano

Hiyo ya Fundi ipo kweli, lakini mara nyingi chanzo ni mtu aliyeingia kwenye mipangilio ya gemu akaipa Java kumbukumbu kuliko inayoweza kupata, hasa Java ikiwa ni ya 32-bit. Punguza ile namba ya -Xmx, kwa mfano iwe -Xmx1G, kabla ya kwenda dukani.

Nije kwa kisa changu, maana kinaanza kama cha mwalimu na kinaishia kwingine. Shemeji yangu yuko Kakamega. Kisanduku kilekile, 65542. Nikamtembeza hadi dxdiag nikitarajia Basic Display Adapter. Akasoma: Intel(R) HD Graphics 3000. Draiva ipo, jina limekaa sawa, na bado gemu inagoma. Mtu ambaye hajakutana nayo atampeleka azunguke na draiva wiki nzima.

Siri iko kwenye Processor. Yake ilikuwa i5-2520M, kizazi cha pili, mashine za mwaka 2011. Chipu hiyo ya picha inaishia OpenGL 3.1. Minecraft ya Java, kuanzia toleo 1.17 lililotoka 2021, inataka 3.2. Tena Intel hawakuitengenezea draiva rasmi ya Windows 10, kwa hiyo hata hiyo 3.1 haipatikani vizuri. Wakati mwingine kisanduku husema wazi zaidi: namba inakuwa 65543 na maneno ni "Driver does not support OpenGL version 3.2". Ukiona hiyo, draiva inafanya kazi, ila chipu imefika mwisho wake.

Tulichofanya: kwenye Minecraft Launcher, kichupo cha Installations, New installation, tukachagua release 1.16.5, tukacheza hiyo. Imefunguka, inakwama kwama lakini inachezeka. Tahadhari moja, asifungue kwa 1.16.5 dunia ambayo ilishachezwa kwa toleo jipya, inaweza kuharibika. Aanze mpya.

Siku hizi naomba mstari wa Processor kabla ya mtu kulipa hela. Ukiona tarakimu nne zinazoanza na 2, mwambie muuzaji asante.

Mulembe254

Mulembe kwenu. Yangu ni ya mpira, kwa simu. Nikiibonyeza inaonyesha nembo halafu inanirudisha nje. Hakuna kisanduku, hakuna Kizungu. Nifungue wapi hiyo dxdiag?

Nyar Kano

Ndugu, dxdiag ni ya Windows, kwa simu haipo. Angalia kwanza nafasi iliyobaki kwenye simu, maana gemu za mpira hupakua vitu vingine baada ya kuwekwa, na zikikosa pa kuviweka huzimika hapo kwa nembo. Umebakiza ngapi?

Mulembe254

Imeandika 300MB. Picha za harusi ya dada ndizo zimejaa, na sizifuti.

Nyar Kano

Usizifute, zihamishe kwenye kompyuta ya mtu. Kisha ufungue gemu tena utuambie. Si lazima iwe ni hiyo.

Kijana wa Kanduyi

Mimi kisa changu hakijaisha. Rafiki yangu yuko Bungoma mjini, gemu ya magari kwenye Windows. Akibofya mara mbili, kipanya kinazungusha kaduara kidogo kisha kimya. Hakuna cha kupiga picha. Nikamwambia ashike dirisha na R, aandike:

```
perfmon /rel
```

Inatokea kalenda yenye alama nyekundu kwa siku ambazo kitu kilianguka. Nikamwambia abonyeze siku ya leo, atafute jina la gemu chini, kisha "View technical details". Cha kuangalia hapo ni "Fault Module Name". Yake inasema ntdll.dll, na Exception Code c0000005. Akaenda kwenye tovuti fulani akapakua ntdll.dll nyingine. Nimemzuia asiiweke.

Nyar Kano

Umefanya vyema sana. Kamwe asiweke dll ya mtandaoni. Ikikosekana ya aina ya VCRUNTIME140.dll, tiba yake ni kuweka kifurushi chenyewe cha Visual C++ kutoka kwa Microsoft, ile vc_redist.x64.exe. Lakini ntdll.dll haikosekani, bila hiyo Windows isingewaka. Jina hilo kwenye ripoti linamaanisha tu kwamba kosa lilionekana likiwa hapo, chanzo kinaweza kuwa kwingine kabisa. Ingekuwa atio6axx.dll au nvoglv64.dll ningekwambia moja kwa moja ni draiva ya picha. Hii haisemi. Gemu ameitoa wapi?

Kijana wa Kanduyi

Kwa flashi ya rafiki.

Fundi wa Kondele

Haya basi. Hiyo flashi nimeikarabati sana hapa Kondele. Antivirasi hufuta faili moja ya gemu kimyakimya, yeye hajui.

Kijana wa Kanduyi

Nitamwongoza aangalie Windows Security, Protection history, kama kuna iliyozuiwa. Lakini wikendi, leo amechoka nami.

Jirani wa Section 58 (Nakuru)

Ukikuta imezuia kitu, usimwambie airuhusu. Flashi hizo hubeba mengine. Na uliza pia kama gemu zingine kwenye mashine hiyo zinafunguka, hilo hatujauliza.