Vina vya mwisho vinatosha, au lazima viingie mpaka katikati ya mstari?

mtoa mada: Wakuu, eti rapa akiweka vina mwisho wa mstari tu amepitwa na wakati? Kuna mtu kazisikia vesi zangu akacheka. Mfano: "Nimepitia shida nyingi lakini bado nakaza / walisema sitafika, leo hii nawashangaza". Kosa liko wapi?

bonge_la_flo: Hamna kosa. Kiswahili karibu kila neno linaishia na irabu, yaani hata usipotaka tayari umeshaweka vina katikati.

fundi mizani: Hapo umepatia nusu mkuu. Irabu ya mwisho haina mkazo, mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. "Imba" na "kata" zote zina a mwishoni ila sikio halioni undugu wowote, wakati "kazi" na "mbali" konsonanti hazifanani kabisa lakini a yenye mkazo inafuatwa na i, zinashikana. Mtoa mada, -aza yako ni ya bei rahisi, vitenzi vya hivyo viko kibao, halafu kabla ya hapo sneya ya kwanza inapita tupu. Jaribu hivi:

*Sina ngazi, sina mali, nina radhi zake mama*
*Njia mbali, jua kali, kwenye kazi nakazana*

Silabi 16, nane kwa nane, kama shairi la kawaida lenye kina cha kati (wazee walishamaliza hii kazi zamani sana). Sasa anza silabi mbili kabla ya biti, yaani "sina" itangulie, "nga" idondoke kwenye moja, "ma" ya mali kwenye sneya, "ra" kwenye tatu, "ma" ya mama kwenye sneya ya mwisho. Na mama/nakazana sio kina kamili, ni irabu tu, ila kwa sababu zimekaa kwenye sneya zinapita.

dada_wa_maiki: Mi nilirekodi vesi nzima ya hivyo, pumzi ikakata mstari wa sita, prodyuza akaniuliza nakimbizwa na nani 😂 hiyo spidi mnaiwezaje?

fundi mizani: Sio spidi dada, silabi ni zilezile, tatizo hukuacha nafasi. Kila baada ya mistari miwili mitatu weka mmoja mfupi usio na kina cha kati, unavuta pumzi na panchi inasikika.

mstari_mnyoofu: Bado sijakubali. Ya mtoa mada ilikuwa na stori, walisema hatafika akafika. Hii ya fundi inanoga mdomoni ila ngazi ya nini? Umeiweka sababu inaendana na mali tu.

fundi mizani: Ngazi nimeichomekea kweli, hiyo nakupa. Ila "radhi zake mama" ni maana, siitoi.

mtoa mada: Nimeisoma juu ya biti, mstari wa kwanza umekaa, wa pili ulimi unajikwaa kwenye "njia mbali". Nabadilisha, ila stori yangu siiachi.

bonge_la_flo: Shoo ikianza watu wataitikia neno la mwisho tu, mtaniambia.