Laini mpya inapiga simu ila haina intaneti, na APN nikiisevu inapotea

mpita_namanga
Wakuu habari zenu. Naombeni msaada kabla sijaifomati simu bure.

Simu ni Android ya laini mbili. Tundu la kwanza kuna Vodacom ya Tanzania, la pili nimeweka Safaricom iliyosajiliwa juzi Nairobi. Safaricom inapiga na kupokea vizuri, meseji zinaingia, bando nimenunua kwa *544# na meseji ya kuthibitisha imekuja. Mnara umejaa. Intaneti ndiyo hakuna, hata ile alama ya 4G haitokei. Data nimeshaihamishia SIM 2.

Nimeingia Access Point Names, yaani APN, pale simu inapoelekezwa njia ya kupata intaneti, nikabonyeza alama ya kujumlisha, nikaandika safaricom. Chini nilikuta MCC ni 640 na MNC ni 04. Rafiki akaniambia za Kenya ni 639 na 02, nikazibadilisha, nikasevu. Nikirudi kwenye orodha, haipo! Nimerudia mara tatu, kila mara inamezwa. Shida ni simu au laini?

Chogo_Tech
Hapo ni herufi kubwa mkuu. Kibodi ya simu ikianza neno inaweka herufi kubwa yenyewe, inakuwa Safaricom badala ya safaricom, mtandao unaikataa. Andika herufi ndogo tupu.

Bi_Mitambo
Chogo, ushauri wa herufi ndogo ni mzuri kwa Password, lakini hauelezi kwa nini inapotea. Jina la APN linasomwa kama majina ya tovuti, kubwa na ndogo ni mamoja. Tena wakati wa kusevu simu hata haijaongea na mtandao. Mtandao hauwezi kukataa kitu ambacho haujaonyeshwa.

mpita_namanga, jibu umelitoa mwenyewe: ulikuta 640 na 04. MCC ni namba ya nchi na MNC ni ya mtandao, na hizo ni za Tanzania na Vodacom. Unapoongeza APN mpya, simu huzijaza yenyewe kwa kuzisoma kwenye kadi. Kwa hiyo ulikuwa ndani ya ukurasa wa SIM 1. Kuhamishia data SIM 2 hakuhamishi ukurasa wa APN, kila laini ina orodha yake. Na orodha huonyesha tu zile ambazo MCC na MNC zake zinalingana na kadi ya ukurasa huo. Ukiandika 639 na 02 ndani ya ukurasa wa Vodacom, inasevika kweli, ila inafichwa papo hapo. Rafiki yako alikupa namba sahihi, ukaziweka chumba kisicho chake.

Rudi Access Point Names, tazama juu kama kuna SIM 1 na SIM 2, gusa SIM 2. Kwenye simu nyingine inabidi uanze kwa kuchagua laini yenyewe, ndipo uone APN zake. Bonyeza kujumlisha, kisha kabla ya kuandika chochote shuka utazame MCC. Ukiona 639, uko mahali pake, na hizo namba mbili usiziguse. Jaza hivi:

```
Name: Safaricom
APN: safaricom
Username: saf
Password: data
Authentication type: PAP or CHAP
APN type: default,supl
```

Proxy, Port, MMSC na vingine vyote acha Not set. Kisha vinukta vitatu juu kulia, Save. Ukirudi nyuma bila Save, simu nyingi zinatupa kazi yote. Halafu gusa kiduara cha pembeni ya jina ili kijae, washa hali ya ndege kwa sekunde kumi, zima. Simu ikishika mnara upya ndipo inapoomba intaneti kwa hiyo APN.

Chogo_Tech
Sawa, lakini kama simu haikuwa na APN yenyewe, si abonyeze tu Reset to default?

Bi_Mitambo
Reset inarudisha orodha aliyokuja nayo mtengenezaji na kufuta ulizoandika kwa mkono. Inasaidia kama uliharibu iliyokuwepo. Kama simu haikuletwa na APN ya laini hiyo, inarudisha patupu.

kwetu_kampala
Hata mimi nina laini ya Safaricom, niko Kampala, intaneti haishiki. Naomba APN ya mtandao wa Uganda niijaze kwenye hiyo laini.

Bi_Mitambo
Hapana ndugu, swali lako ni jingine. APN ni ya aliyetoa kadi, si ya mnara unaokupokea. Iache safaricom hivyo hivyo, washa Roaming kwenye ukurasa wa laini hiyo, na hakikisha una bando la nje ya nchi, maana la nyumbani kwa kawaida halihesabiki huko. Ukiweka APN ya Uganda kwenye kadi ya Kenya unaongeza tatizo la pili.

mpita_namanga
Dada asante, kweli nilikuwa SIM 1! Nimeingia SIM 2, nikakuta 639 na 02 zimejaa zenyewe. Nimejaza, nimesevu, sasa inaonekana. Ila haina kiduara. Jina lipo, ukiligusa linafungua ukurasa wa kuhariri tu. APN type niliiga kwenye picha moja mtandaoni, imeandikwa mms.

Bi_Mitambo
Ndiyo hiyo. Ukiandika mms peke yake, umeiambia simu kwamba APN hii ni ya meseji za picha tu. Android haiipi kiduara, kwa sababu ya meseji za picha haichaguliwi kuwa njia ya intaneti. Neno linalobeba intaneti ni default. Fungua, futa mms, andika default,supl kwa mkato bila nafasi katikati. Na angalia mwisho wa saf na data usiwe umeacha nafasi. Kibodi inayopendekeza maneno hupenda kuongeza nafasi kila ukichagua neno, na kwa macho huioni.

salimu_fundi
Nyongeza kwa wa iPhone: huko hakuna MCC wala APN type. Ni Settings, Mobile Data, Mobile Data Network, unajaza APN, Username na Password kwenye sehemu ya juu ya Mobile Data tu. Ukikosa hiyo Mobile Data Network kabisa, basi mipangilio ya mtandao wako imeifunga, hutaijaza kwa mkono.

mpita_namanga
Imekubali! Nimefuta mms, nikaweka default,supl, kiduara kimetokea, hali ya ndege, 4G hiyo hapo. Kumbe kwenye password palikuwa na nafasi pia, nimeitoa hapo hapo, kwa hiyo sijui kama nayo ilikuwa na neno.

Limebaki moja. Nikiwasha hotspoti, kompyuta inaunganika lakini haifungui kitu. Simu yenyewe inafungua.

Chogo_Tech
Ongeza dun kwenye APN type, iwe default,supl,dun. Baadhi ya simu hutafuta neno hilo kabla ya kugawa intaneti.

Bi_Mitambo
Hapo nakubaliana na Chogo, jaribu, kisha zima na kuwasha hotspoti. Isiposhika, soma masharti ya bando kwanza, kuna mabando ya mitandao ya kijamii tu, na kompyuta ikifungua tovuti ya kawaida haipati kitu. Kwenye simu ulifungua nini hasa?

mpita_namanga
WhatsApp na Facebook tu mpaka sasa. Ngoja nijaribu tovuti ya kawaida kwenye simu.