Kila mtu anamwita "daktari", yeye yuko na ngalawa za vifuu. Nimfuateje bila kumchagulia kazi?

mama_wa_wete
Assalaam alaykum wanajukwaa. Nina mtoto wa kiume wa miaka 6, darasa la kwanza. Skuli anakwenda asubuhi, chuoni baada ya adhuhuri. Tangu aanze kusema, babu yake anamwita daktari, majirani nao wamelidaka. Ami yake kamletea kile kipimo cha kuchezea cha kusikilizia moyo. Akiulizwa mbele ya wageni ukikua utakuwa nani, anajibu "daktari" papo hapo, na kipimo chenyewe kiko juu ya kabati kimeshika vumbi. Akiachwa peke yake anatengeneza ngalawa za vifuu, anaziweka kwenye beseni, zinapinduka, anaanza upya.

Baba yake alipoona hivyo akasema, basi huyu injinia wa meli, na sasa anataka kumnunulia vifaa na kumtafutia mwalimu. Naona tumemvua jina moja tukamvika jingine. Nataka aonje mambo mengi na nikifuate anachokipenda, lakini asijione keshapangiwa. Nifanye nini hasa? Muda nilionao ni baada ya alasiri, na Alhamisi na Ijumaa ambapo chuoni hakuna.

karafuu_kavu
Waalaykum salaam. Udaktari unataka hesabu na sayansi, kwa hiyo tuisheni ianze sasa, asisubiri darasa la tano. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinafundisha udaktari, hana haja ya kwenda mbali. Mwondoeni kwenye hayo maji tu, atapata mafua.

mama_wa_wete
Ahsante kaka, ila sijauliza njia ya udaktari.

shemegi_wa_konde
Mpangie ratiba. Wiki mbili kuchora, wiki mbili mpira, wiki mbili kusuka, wiki mbili bustani. Kila akimaliza wiki vizuri apate zawadi, hata biskuti, ili apate hamu. Mwisho utajua kipaji chake kiko wapi na visivyomfaa utavitupa. Mtoto asipoonyeshwa vitu hawezi kuvipenda.

mwl_maandalizi
Shemegi, la kuonyeshwa vitu umesema kweli. Kwenye zawadi na kwenye kutupa ndipo nisipokubaliana nawe, nitarudi huko.

Bi mama wa Wete, mtoto wa umri huo hajui kazi ya daktari. Anajua koti jeupe, sindano, na uso wa babu unavyochangamka akilitaja hilo neno. Kwa hiyo jibu lake mbele ya wageni halikwambii kitu juu yake, na "injinia wa meli" la baba yake halina tofauti. Kinachokwambia kitu ni mikono yake inafanya nini pale ambapo hakuna anayemtazama.

Chukua daftari, kwa wiki mbili andika mistari michache kila jioni, mwenyewe asijue. Alianza mwenyewe au aliitwa? Ilipoharibika aliacha, alilia, au alibadilisha kitu? Aliuliza nini? Akiwa kila baada ya dakika anageuka kuona kama unamtazama, huenda anachokipenda ni kusifiwa. Akiwa hata wito wa kula hausikii, hapo pana kitu.

Halafu uangalie ni kipande gani cha ngalawa kinachomshika. Mchezo huo mmoja una mambo mengi ndani yake: kuelea, kufunga kamba, kukata tanga, kupaka rangi, kushindana na wenziwe. Watoto wawili wanaweza kukaa kwenye beseni moja, mmoja roho yake iko kwenye mafundo na mwengine anataka tu kujua nani kashinda.

Tuchukue huko kupinduka. Kifuu kina tumbo la mviringo, na mlingoti umepeleka uzito juu, kwa hiyo upepo kidogo tu kinalala. Tanga likiwa la kitambaa ndiyo zaidi, maana likishalowa linakuwa zito. Na kama katumia ile nusu yenye macho, jicho laini likiwa limetoboka maji yanaingia kutokea chini, atadhani upepo ndio unaoizamisha. Haya yote unayajua wewe, usimwambie. Weka karibu yake vijiwe sita hivi vya ukubwa wa kunde mpaka ukubwa wa kokwa ya tende, chelewa chache, vipande viwili vya kumbi, uzi, kidongo cha kusimamishia mlingoti, na jani la mkungu la kufanyia tanga. Kisha kaa pembeni na kazi yako.

Huenda akatia vijiwe chini, ngalawa ikasimama. Akizidisha itazama, na hapo ndipo anapopima kwa mkono. Huenda akapitisha chelewa juu ya kifuu na kufunga kumbi huku na huku, kama ngalawa ya kweli. Huenda asifanye lolote katika hayo akaanza kuvipanga vijiwe kwa ukubwa. Liandike hilo nalo. Akikwama mpaka anakasirika, mpe swali moja tu: "Uzito uko wapi?" Ukichukua ukamtengenezea, kesho ataisubiri mikono yako.

Nusu saa inatosha kwa siku ya chuoni, Alhamisi na Ijumaa mwache mpaka achoke. Kukata kifuu na kuchonga ni kazi ya mtu mzima. Kwenye beseni maji kina cha kiganja yanatosha, na usiondoke hata kidogo, hasa kama kuna mdogo wake, kisha yamwage mkimaliza. Mtoto mdogo anazama kwenye maji machache sana, tena kimya.

bi_mkubwa_mkoani
Mwalimu, na hizo wiki mbili zikipita? Maana hapo bado ni ngalawa tu, na mwenzetu anataka mtoto aonje mengi.

mwl_maandalizi
Hapo unamletea jirani wa kile anachokifanya, mmoja kwa wakati. Kama daftari linaonyesha anakaa sana kwenye kufunga, mwekee ukindu karibu na anayesuka ukili. Kama anapanga vijiwe, msimu wa karafuu mpe lundo dogo atenganishe karafuu na makonyo, lakini liwe lake, lisiwe sehemu ya pishi za nyumba, maana likishaingia kwenye hesabu ya mavuno limekuwa kazi. Kama ni tanga, mpe karatasi, mkasi butu na rangi. Usitangaze "leo tunajifunza kusuka". Kiweke anapopita, basi.

Asipokigusa wiki mbili au tatu, kiondoe bila maneno na ukirudishe baada ya miezi michache. Shemegi, ndiyo maana nasema usitupe. Mkono wa miaka 6 unaoshindwa na mkasi leo, ukifika miaka 7 huenda ukauweza, na mtoto akishaambiwa "huna kipaji cha kuchora" analiweka hilo moyoni.

Sasa zawadi. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Mark Lepper na wenzake, walichukua watoto wa skuli ya chekechea wa miaka 3 mpaka 5 ambao tayari walikuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Baada ya wiki moja mpaka mbili kalamu zikawekwa tena bila ahadi yoyote. Wale walioahidiwa walizishika kwa kiasi cha nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, baada ya kuchora, hawakupungua. Ubaya uko kwenye lile "ukifanya utapata" kwa kitu anachokipenda mwenyewe.

shemegi_wa_konde
Na chuoni je? Anayehifadhi sura anapewa zawadi na anaendelea vizuri.

mwl_maandalizi
Chuoni na skuli ni wajibu, hausubiri hamu ya mtoto. Zawadi kwa jambo ambalo asingelianza mwenyewe ni mlango mwengine. Mimi nazungumzia beseni.

shemegi_wa_konde
Sawa, lakini mtoto anayeacha kila kitu njiani atakuwa mtu wa kuanza tu. Akianza kusuka amalize.

bi_mkubwa_mkoani
Hapo niko na shemegi. Ukili ukiachwa katikati unafumuka, na mtoto anaona.

mwl_maandalizi
Amalize kipande chenye mwisho anaouona, urefu wa mkono wake, siyo mkeka. Zaidi ya hapo kwa miaka 6 mimi silazimishi. Najua wazazi wengi hawakubali.

mama_wa_wete
Nimeelewa sana. Yamebaki mawili. Babu siwezi kumwambia aache, ni mtu mzima na anasema kwa mapenzi. Na dada yake wa miaka 4 anakaa pembeni ya beseni anatazama, keshaambiwa ngalawa ni za wanaume.

bi_mkubwa_mkoani
Babu usimkataze, mpe la kuuliza. Beseni lihamie karibu na baraza anapokaa, na wewe useme mbele yake, "Baba, leo hii imezama upande gani?" Mzee wa Pemba akiulizwa habari ya ngalawa hatazungumza udaktari jioni ile.

mwl_maandalizi
Umenena. Na baba yake aambiwe vifaa vya bei visubiri. Mtoto akijua kimetumika pesa nyingi, siku akitaka kuacha ataona anamvunja baba yake moyo, ataendelea kwa ajili hiyo. Wote nyumbani mkitaje kitendo: "umehamisha vijiwe mbele", "fundo hili halikufunguka". Jina la kazi liacheni, hata la kusifu.

Kwa binti, usingoje. Watoto wengi huanza mapema kuzigawa kazi, hii ya wanawake, ile ya wanaume, na wakishaigawa huenda wakaacha hata kujaribu. Mpe kifuu chake, siyo kumsaidia kaka. Wachukue wote wawili pwani maji yakitoka, waone wanawake kwenye mashamba ya mwani wanavyofunga mbegu kwenye kamba na kamba kwenye vigingi, kisha wote wawili wapewe kamba. Na ukili vilevile wausuke wote wawili, kijana asiambiwe ni wa akina mama.

karafuu_kavu
Na akikaa miezi sita ni ngalawa tu? Hapo si keshajichagulia?

mwl_maandalizi
Hajachagua kazi. Angalia kama maswali yanabadilika. Mwezi wa kwanza anauliza kwa nini inazama, wa tatu anauliza kwa nini haiendi moja kwa moja: huyo anasonga, mwache. Akirudia ngalawa ileile kwa namna ileile bila swali jipya, badilisha kitu kimoja. Itoe kwenye beseni, nendeni kwenye dimbwi la pwani maji yakiwa yametoka, apambane na upepo wa kweli. Au mwombe fundi wa mashua siku moja kabla, mkae nusu saa tu, mtoto aende na maswali yake mawili na asiulizwe njiani kama anataka kuwa fundi.