Naombeni ushauri: bibi wa kwenye muvi anaongea methali za Kirusi tu, nazipelekaje kwa Kiswahili bila kuua ladha?

Mkalimani wa Mbagala
Wakuu habari za jioni. Nimepata kazi ya kutafsiri muvi ya Kirusi, ni drama ya kijijini, naandika yale maandishi ya chini ya skrini, sio kuingiza sauti. Kirusi nakielewa, nimesoma kule, kwa hiyo shida yangu sio maana. Shida ni bibi. Kuna bibi mmoja kwenye hii stori kila akifungua mdomo ni methali, na nafasi niliyopewa ni mistari miwili, kila mstari herufi 42 mwisho, inakaa sekunde chache inapotea, kwa hiyo hakuna pa kuweka maelezo.

Zilizonikwamisha ni tatu. Mjukuu wake katapanya hela mjini karudi mikono mitupu, bibi anamwambia *Lyubish katatsya, lyubi i sanochki vozit*, yaani ukipenda kuteleza kwenye theluji penda na kuvuta sleji, kile chombo cha kutelezea. Halafu kuna jirani mwenye kiburi, hawasalimiani siku nyingi, siku moja anakuja kuomba mkate, akishatoka bibi anasema *Golod nye tyotka*, njaa si shangazi. Ya mwisho iko kwenye sherehe, mtu wa kudai deni anatokea hajaalikwa na bibi anasema chini chini *Nyezvany gost huzhe tatarina*, mgeni asiyealikwa ni mbaya kuliko Mtatari.

Sasa nichukue methali zetu zinazofanana au niende neno kwa neno? Mwenye kazi kasema tu anataka isikike Kiswahili.

kibuyu_cha_asali
Mbona rahisi mkuu. Ya kwanza ni ukipenda boga penda na ua lake, angalia hata ilivyojengwa, ukipenda hiki penda na kile, imekaa pacha kabisa na ya Kirusi. Ya njaa weka njaa haina baunsa. Ya mgeni weka mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe. Umemaliza kazi, chukua hela yako.

Mama Shamsa wa Kisauni
Hapo kwa boga siko nawe mwanangu. Boga na ua ni mtu na watu wake, umeolewa na mume ana watoto basi uwapende na hao watoto. Huyu kijana hakupenda mtu, kapenda starehe, sasa bibi amwambia alipe. Ukimwekea boga mtazamaji atafikiri kuna mchumba amefichwa mahali. Na huyo wa jembe ni mgeni aliyekaribishwa akala akashiba akazidisha kukaa. Mdai deni hajakaa hata dakika, jembe la nini?

student_wa_baridi
Wakuu nami nina la kwangu kuhusu Kirusi. Hapa chuoni ukienda kwenye mtihani wanakwambia *ni puha ni pera*, maana yake wala manyoya wala unyoya, na eti ukijibu asante wanashtuka, unatakiwa ujibu *k chortu*, nenda kwa shetani. Mwalimu wangu ni mama mtu mzima, mimi nimwambie aende kwa shetani?? Hii kwa Kiswahili mngesemaje?

Mzee wa Voronezh
Mdogo wangu wa baridi, mjibu tu *k chortu*, atafurahi, hata profesa anajibiwa hivyo. Ni lugha ya wawindaji wa zamani, unamtakia mwenzio asipate mnyama wala ndege ili pepo mbaya akisikia asiende kumharibia. Kwa Kiswahili ukitafsiri jibu lake umeanzisha ugomvi, kwa hiyo kwenye maandishi ningeweka "Kila la heri" na jibu "Haya, tuone", basi. Ile kinga ya kusema kinyume inapotea hapo, siwezi kukudanganya kwamba haipotei.

Sasa turudi kwa mwenye uzi. Mimi kabla sijatafuta methali inayofanana huwa natazama kwanza anayefuata kuongea anajibu nini. Methali ikisemwa ikaachwa hapo, unaweza kubadilisha picha yote ukaweka ya kwetu na hakuna atakayeumia. Lakini kama mwenzake anaidaka ile picha na kuichezea umeshafungwa, huwezi kuweka methali ya mvungu halafu mtu akajibu habari za theluji. Kwa hiyo tuambie, baada ya ile ya sleji mjukuu anajibu nini?

Mkalimani wa Mbagala
Duh mzee umegusa penyewe. Anajibu "Sleji yenyewe si mliiuza". Na kweli mwanzoni tunaona baba yake anaiuza ile sleji, na mtoto mdogo yuko kilimani anatazama wenzake.

Mzee wa Voronezh
Basi sleji inabaki. Ingekuwa bibi kasema akaenda zake ningekupa mtaka cha mvunguni sharti ainame, ingawa nayo ina kasoro, maana kwetu unainama kwanza ndio upate, ile ya Kirusi umeshakula raha na sasa ndio zamu ya jasho. Mtoto anateremka kilima kwa dakika moja anacheka, halafu kamba mkononi, anaivuta sleji kupanda mpaka juu. Ndio maana bibi anamwambia aliyekwisha kutapanya, anamlaumu, hampi mawaidha ya kesho. Baada ya dhiki faraja nayo imegeuka hivyo hivyo, usiitumie.

Unachoweza kufanya ni kubakiza picha yao na kukopa umbo letu. Methali zetu nyingi zina kiwiliwili chake, mtaka hiki sharti kile, mpanda ngazi hushuka, pande mbili zinazokaribiana urefu. Jaribu "Mpenda kuteleza sharti avute sleji". Hesabu, haifiki herufi 42, na mtu asiyejua Kirusi akiisikia anajua hapa pametolewa methali hata kama hajawahi kuisikia. Ukiandika ukipenda kuteleza kwenye theluji basi upende na kuvuta sleji, maana iko sawa lakini bibi amekuwa mtangazaji wa habari.

kibuyu_cha_asali
Sawa kwa boga nimeelewa, order ya raha na jasho sikuiona. Ila sleji nani anaijua huku? Mama yangu Singida atasoma sleji atasema nini hiyo.

Mama Shamsa wa Kisauni
Si iko kwenye picha mwanangu, kwa kilima kile, ameiona inauzwa. Ingekuwa kitabu ningekubali nawe.

Mzee wa Voronezh
Kabisa. Hakikisha tu ile siku ya kuuza umeshaandika neno sleji wazi, mtu aliunganishe na kitu anachokiona, ili likirudi kwa bibi liwe limeshazoeleka.

Kuna kitu kingine, sanochki sio sleji tu, ni kile kisleji cha upendo, Mrusi anaweka hiyo mikia ya kudekeza kila mahali hasa bibi. Usikimbilie ki-, kwetu ki- mara nyingi inadharau, kisleji kitasikika kama kimbao kibovu. Bara watu wanasema ka- kwa mapenzi lakini si kila mtazamaji atakubali kuiona imeandikwa. Huo upole uhamishe, uweke kwenye anavyomwita mtoto. "Mpenda kuteleza sharti avute sleji, baba." Hilo "baba" la bibi kwa mjukuu linabeba kila kitu na hata kwenye lawama halikati undugu.

Mkalimani wa Mbagala
Hiyo ya "baba" naichukua sasa hivi. Vipi shangazi? Mimi nilikuwa nataka niiache njaa si shangazi, fupi na tamu.

Mama Shamsa wa Kisauni
Shangazi wa wapi aliye laini? Shangazi wangu tukimuona kwa mlango tulikuwa twakaa sawa. Njaa si shangazi kwangu yamaanisha njaa ni pole kuliko shangazi!

Mzee wa Voronezh
Mama Shamsa kasema kweli. *Tyotka* ya Kirusi ni dada wa baba na dada wa mama vyote humo humo, sisi tumewatenganisha na kila mmoja ana tabia yake. Ile methali watu wameikata, zamani ina mkia, njaa si shangazi, haikupenyezei *pirozhok*, kile kiandazi chenye kabichi au nyama ndani. Ukitaka methali nzima nzima namna hiyo chimba mkusanyo wa Vladimir Dal, yule mtunga kamusi wa Kirusi, wa 1862, una zaidi ya 30,000, mara nyingi mkia ndio unakwambia picha ilitoka wapi. Hapa picha ni ndugu anayekufichia kitu mkononi wengine wasione. Kwetu huyo ni nani? Mama mdogo. "Njaa si mama mdogo, haikufichii andazi." Mstari mmoja unatosha.

kibuyu_cha_asali
Au bibi! Njaa si bibi haikufichii andazi. Bibi ndio mwenye kuficha andazi kwenye khanga dunia nzima.

Mzee wa Voronezh
Ni tamu, na kwenye muvi nyingine ningeichukua. Lakini hapa msemaji ni bibi na ametoka kutoa mkate, itakuwa anajisifu, wakati yeye anamhurumia jirani kwamba njaa imemvunja kiburi. Njaa haina baunsa nayo ni ya kijiwe cha vijana, bibi wa kijijini akisema hivyo ukumbi utacheka mahali ambapo hapatakiwi kucheka.

student_wa_baridi
Na Mtatari? Huku nina classmate kutoka Kazan, mji wa Watatari huku Urusi, ni Mtatari na ni Mwislamu safi tunaswali wote. Futa hilo jina jamani, weka "mgeni wa kujialika ni shari", watu wasijifunze matusi.

Mzee wa Voronezh
Imetoka kwenye enzi za Wamongolia, walivamia kuanzia 1237 na utawala wao ukaja kuhesabiwa umekwisha 1480, Warusi wakawaita wote Watatari na jina likabaki kwenye methali. Leo wengi wanaisema kwa mazoea hawamfikirii mtu yeyote, na wenyeji wengine wakiwa na rafiki Mtatari wanaigeuza, eti ni *bora* kuliko Mtatari, wacheke yaishe. Kama hakuna Mtatari kwenye sherehe ile, hata mimi ningefuta na hakuna kitakachopotea. Yupo?

Mkalimani wa Mbagala
Yupo mzee. Mpiga akodiani, Rinat, ana kofia kama baraghashia. Bibi akishasema, kamera inaenda kwake, anaacha kupiga kidogo, halafu anaendelea. Hakuna popote wanaposema yeye ni Mtatari, Mrusi anaona kofia na jina anajua.

Mama Shamsa wa Kisauni
Basi ukifuta, mtazamaji ataona mtu ameacha kinanda bila sababu. Ni lazima limchome.

Mzee wa Voronezh
Ndiyo, hapo huwezi kufuta. Mimi ningepanda jina hilo mapema, sehemu ya kwanza wanapomwita "Rinat, tupigie!" niandike "Rinat, Mtatari wetu, tupigie!" Halafu kwenye sherehe "Mgeni asoalikwa ni mbaya kuliko Mtatari" inatua yenyewe.

student_wa_baridi
Hapana mzee, hapo sikubali. Hakuna aliyemwita hivyo kwenye muvi, kijiji kizima kinamwita kwa jina lake, uzuri wote ni kwamba hawakuwahi kumwita Mtatari mpaka siku hiyo. Ukiwapachikia "Mtatari wetu" umewageuza wote kuwa kama bibi.

Mzee wa Voronezh
Hoja yako ina uzito kijana. Lakini bila kupanda, mtu wa Singida haoni chochote kwenye ile kofia, ataona Mwislamu tu.

Mama Shamsa wa Kisauni
Kwani mtayarishaji hawezi kuulizwa? Labda kuna barua au bango mahali kwa ile muvi linaloonyesha atokako, uliandike hilo badala ya kumtia mtu maneno mdomoni.

Mkalimani wa Mbagala
Kuna sehemu ya posta Rinat anapokea kifurushi kutoka Kazan, anwani inaonekana kama sekunde mbili na sikuwa nimeiandika. Ila aliyeshika kifurushi anaongea wakati huo huo, kwa hiyo anwani itagombea nafasi na maneno yake. Narudi kuitazama tena usiku huu.