Mtaani kwetu: mchele wa Mangi

Mama Salma: Jamani msinunue mchele kwa Mangi, ni wa plastiki! Oneni video, mashine inatoa punje, kisha wali unafinyangwa unadunda kama mpira. Wanangu wameharisha usiku kucha.

Mangi: Mama Salma, huu ni mchele wa Kyela, gunia limeshushwa mbele yenu. Tangu asubuhi sijauza hata kilo.

Abdul: Mashine ya kwenye video tunayo kiwandani. Inayeyusha mifuko chakavu, zinatoka nyuzi kama tambi, zinapozwa kwenye maji, kisha kisu kinazikatakata. Chembe hizo ni za kutengenezea ndoo. Mtu kaunganisha na picha za wali.

Mzee Hamisi: Tieni punje kwenye glasi ya maji. Zikielea ni plastiki.

Rehema: Shikamoo mzee. Kuelea peke yake hakutoshi. Punje iliyoliwa na fukusi huelea, na kuna plastiki zinazozama. Tazameni sufuria. Mchele hunywa maji ukavimba, plastiki hata uichemshe saa nzima hainywi. Mama Salma, jana kikombe kimoja kilitoa wali kiasi gani?

Mama Salma: Sahani tatu zilijaa.

Rehema: Basi huo ni mchele. Na kudunda ni wanga, wali wowote ulioiva ukiubana sana unashikana. Jaribu na wa nyumbani kwako.

Mama Salma: Na kuharisha je?

Rehema: Walikula saa ngapi?

Mama Salma: Usiku. Niliupika asubuhi kabla sijaenda sokoni, ukabaki mezani. Lakini niliupasha moto sana!

Rehema: Mimi ningeshuku hapo kwanza. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi wali ukichemka. Ukikaa kwenye joto wanazaliana, na baadhi ya sumu yao haiondoki kwa kupasha. Wali ukibaki, utandaze upoe haraka, uweke kwenye friji. Wape maji ya chumvichumvi ya pakiti, na wakilegea au wakitoa damu wapeleke zahanati leo hii.

Abdul: Nigeria 2016 forodha walikamata magunia 102 Lagos, wakatangaza ni ya plastiki. Maabara ikakuta ni mchele kweli, ila una vijidudu kupita kiwango.

Mzee Hamisi: Sawa, lakini mchele unaong'aa vile mimi siuamini. Wanaupaka mafuta.

Rehema: Hilo mzee siwezi kulijibu kwa macho. Mwenye shaka achukue kiasi kutoka gunia lenyewe, apeleke TBS.

Mama Salma: Video nimeifuta hapa. Ila ukoo wa Tanga wameshaisambaza.

Rehema: Waandikie hukohuko ulikoituma: mchele wa Mangi ulivimba sufuriani, na mashine ile ni ya plastiki chakavu. Usiiambatishe tena video, watu watatazama picha wasisome maneno.

Mama Salma: Naandika sasa hivi. Mangi, kilo mbili nipimie, Salma anakuja.